Barua ya kuomba kuazimwa tablo ya saloni

Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi
Kitengo cha Maonyesho
Lubumbashi, Jumatatu tarehe 13 Aprili 2026

Kwa Mama Léonie,
kwa Yaya Célestin, mkubwa wa familia,
na kwa watoto wote wa marehemu Baba Ngoie
Komini ya Katuba, Lubumbashi

Mama, Yaya, ndugu zangu,

Shikamoo Mama. Natumaini mguu umepata nafuu, na kwamba wajukuu wamerudi masomoni salama baada ya Pasaka.

Nilipokuja kwenu pamoja na Papa Augustin, Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa chai, kisha akasema: andika, tusome sisi wote, na yule wa Ndola pia asome. Ndiyo barua hii. Nimeiandika kwa Kiswahili ili Mama aisome mwenyewe bila kumngoja mjukuu. Karatasi ya mkataba nayo iko kwa Kiswahili, na ile ya Kifaransa ambayo ofisi inaidai imeambatanishwa nyuma yake. Zikipishana mahali popote, tutafuata ile ya Kiswahili, na mkurugenzi ameshatia sahihi chini ya kipengele hicho.

Ninachoomba ni hiki: familia ituazime tablo ya Kolonia Belje iliyotundikwa saloni kwenu, ukuta wa mkono wa kushoto, kuanzia Jumanne tarehe 2 Juni hadi Jumamosi tarehe 5 Septemba mwaka huu. Maonyesho yenyewe yatafunguliwa tarehe 13 Juni na kufungwa tarehe 29 Agosti. Yanahusu tablo ambazo watu wa mji huu walinunua wenyewe, kwa pesa yao, wakazitundika nyumbani. Jina la maonyesho bado tunalibishania ofisini, kwa hiyo silitaji.

Yaya Célestin aliniuliza kwa nini tunataka ya kwenu, wakati Kolonia Belje zilikuwa karibu kila lupango. Ni swali la haki, na sikulijibu vizuri siku ile kwa sababu watu walikuwa wengi.

Kazi za Hangar, ile karakana ya uchoraji ambayo Mfaransa Pierre Romain-Desfossés aliifungua hapa mjini mwaka 1946, zimetunzwa. Pili Pili Mulongoy na ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake, hao wana vitabu, wana wanunuzi, na picha zao nyingi zilitundikwa kwa Wazungu tangu mwanzo. Waliokuja baadaye, miaka ya 60 na 70, walichorea watu wengine: mfanyakazi wa Gekamini, mwalimu, karani, fundi cherehani. Walichora juu ya kitambaa cha mfuko wa unga, wakapita mlango kwa mlango. Nani alitunza hizo? Watu walipokosa pesa walichotundika kilikuwa kalenda. Tablo ikichakaa ilitupwa. Iliyobaki nzima ilinunuliwa na mgeni ikapanda ndege. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, alichora historia ya nchi nzima katika tablo zaidi ya 100 kwa ajili ya Profesa Johannes Fabian, kati ya 1973 na 1974. Ukitaka kuziona leo, uende Amsterdam. Sisemi ziliibwa: zililipiwa, na bila Profesa huyo huenda tusingekuwa nazo kabisa. Lakini mtoto wa komini ya Kenya au ya Ruashi hapa mjini hawezi kuzifikia, na jambo hilo linaniudhi kila ninapopokea wanafunzi.

Ya kwenu haijawahi kuondoka. Kwa kumbukumbu ya Mama, imekaa ukutani tangu mtoto wa tatu alipozaliwa. Nimeona Kolonia Belje nyingi, na zote zina watu walewale: mfungwa amelazwa chini, nguo zake za mistari ya manjano na nyeusi, polisi mwenye kofia nyekundu akiinua fimbo, Mzungu na kiko chake amesimama pembeni, bendera juu ya boma, wanawake wamekuja na chakula. Katika yenu kuna mwanamke mmoja upande wa kulia, ana beseni kichwani na mtoto mgongoni, na haangalii fimbo. Anatuangalia sisi. Nilipouliza, Mama akasema ni mama yake Baba Ngoie, kwamba Baba alimpa mchoraji picha yake ya kitambulisho na kumwambia amweke humo, kwa sababu alikuwa akipeleka chakula gerezani kwa kaka yake. Sijaona kitu cha namna hiyo katika tablo nyingine yoyote ya aina hii. Mchoraji alikuwa na mfano wake anaourudia kila wiki, na mnunuzi mmoja akamlazimisha kuingiza mtu wa kweli. Hilo ndilo ninalotaka watu walione, na ndiyo maana tablo nyingine haiwezi kushika nafasi ya hii.

Kuhusu mchoraji, kuna jambo nataka tulielewe mapema. Hakuna sahihi. Wauzaji watawaambia ni Tshibumba, maana jina lake linapandisha bei. Mimi sitaandika hivyo. Mikono ya watu imechorwa kwa namna tofauti na ninavyoijua kwake. Tutaandika tu kwamba mchoraji hajatambulika, na kwamba alikuja kwa baiskeli, kama Mama anavyokumbuka. Mama akikubali, ningependa kuja na kinasa sauti atusimulie jinsi tablo ilivyoagizwa. Rekodi itakuwa mali yenu, nasi tutabaki na nakala. Asipopenda, tablo inaweza kuja bila simulizi.

Sasa niseme juu ya lile lililowauma. Mlinieleza kwamba kuna watu waliwahi kuja, wakapiga picha, wakaahidi kurudi na nakala, hawakuonekana tena, na baadaye jirani akaiona tablo yenu kwenye simu ikiwa imeandikwa jina la mtu mwingine. Siwajui, na siwezi kuomba radhi kwa niaba yao. Ninachoweza ni kuandika yetu. Picha rasmi za tablo zitapigwa mara moja, hapo nyumbani, mbele yenu. Haitachapwa kwenye kitabu wala bango bila Yaya Célestin kutia sahihi kwa kila matumizi, si mara moja kwa yote. Wageni wa maonyesho wana simu, na siwezi kuahidi kwamba hakuna atakayepiga picha. Tutaweka kibao cha kukataza na mlinzi atakuwa hapo, lakini nisiwadanganye.

Namna ya kuichukua: nitakuja mwenyewe pamoja na fundi wetu wa kutunza kazi za sanaa. Kabla haijashushwa ukutani, tutaandika hali yake yote kwenye karatasi na kuipiga picha mbele na nyuma: ile kona ya chini iliyopata moshi wa mshumaa, msumari uliotoka kwenye fremu ya mbao, ule mkunjo juu ya bendera, na maandishi ya kiwanda cha unga upande wa nyuma. Wote tutatia sahihi. Ikirudi, tutaisoma karatasi hiyohiyo pamoja, mstari kwa mstari. Itafungwa kwa karatasi laini isiyo na asidi, ilale ndani ya sanduku la mbao, na isafiri na gari la Makumbusho. Hakuna pikipiki, hakuna teksi. Ndugu mmoja wa familia apande naye gari hilo kama mnataka.

Kule kwetu haitasafishwa, haitapakwa vernishi, haitanyooshwa. Rangi imepakwa nyembamba sana juu ya kile kitambaa, na tukianza kuirekebisha hatujui tutaishia wapi. (Mama, niruhusu: kuanzia leo, wasiifute vumbi kwa kitambaa kibichi. Brashi laini kavu inatosha, au waiache.) Nimechagua kiangazi kwa sababu unyevu ni mdogo, ingawa vumbi la mwezi wa saba ni adui mwingine, kwa hiyo itakuwa nyuma ya kioo cha plastiki ambacho hakiigusi rangi. Haitakaa karibu na dirisha, na mwanga wa taa hautavuka lux 150. Hata mkiamua kutoiazimisha, naomba muihamishe kutoka mkabala wa lile dirisha la barabarani. Manjano ya nguo za mfungwa yameshapauka upande mmoja.

Bima itaanza pale inapotoka kwenye msumari wenu na kwisha pale inaporudi kwenye msumari huohuo. Tumeandika thamani ya dola 3,000. Hiyo si bei tunayotaka kuinunulia, wala msikubali mtu aitumie kama bei. Ni kiasi mtakachopewa ikiungua au ikiibwa, na mkiona ni kidogo, semeni kabla ya kutia sahihi. Makumbusho hayalipi kodi kwa tablo za kuazima, nami sitaficha hilo. Gharama zote za kuichukua, kuitunza na kuirudisha ni zetu. Siku ya ufunguzi tutatuma gari lichukue familia, pamoja na Shangazi akiweza kutoka Likasi.

Ukuta hautabaki wazi. Tutachapisha picha ya ukubwa uleule na kuitundika mahali pake kwa miezi hiyo, kisha ibaki kwenu. Najua si kitu kimoja.

Chini ya tablo tutaandika: «Mali ya familia, Katuba». Jina la Baba Ngoie litaandikwa mkitaka. Anwani haitaandikwa popote, na mtu yeyote atakayetuuliza mwenye tablo ni nani, awe wa hapa au wa Bulaya, tutamwambia aache barua kwetu, tutawaletea.

Mnaweza kusema hapana. Mnaweza pia kusema ndiyo leo na kubadili mawazo kabla ya tarehe 2 Juni, hakuna atakayewadai kitu. Baada ya tarehe hiyo, kukitokea msiba au sherehe inayoihitaji tablo nyumbani, mtuambie siku tatu kabla, tutairudisha.

Nitapita Jumamosi tarehe 25 Aprili, saa kumi jioni, kusikia mlivyoamua. Kama Yaya wa Ndola anataka kuuliza maneno yake mwenyewe, mumpigie saa hiyo na mniwekee simu mezani, nitamjibu mbele ya wote. Kama siku hiyo si nzuri, mwambieni Papa Augustin.

Kwa heshima nyingi,

Odette Kalenga
Msimamizi wa maonyesho

Viambatanisho: mkataba wa kuazima (Kiswahili na Kifaransa), mfano wa karatasi ya hali ya tablo, mchoro wa chumba ukionyesha ukuta itakapotundikwa.