Barua ya Maombi ya Kazi ya Ualimu wa Michezo

Mwanaidi S. Mhina,
Chumbageni,
Tanga.
12 Januari 2026

Mkuu wa Shule,
Shule ya Sekondari ya Wasichana,
Raskazone,
Tanga.

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA UALIMU WA ELIMU YA VIUNGO NA MICHEZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba nafasi mliyoitangaza kwenye ubao wa shule. Ni Mtanzania, miaka 25, mhitimu wa 2025 wa Shahada ya Ualimu katika Elimu ya Viungo na Sayansi ya Michezo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naweza pia kufundisha Baiolojia.

Sijawahi kuajiriwa, ila mazoezi ya kufundisha niliyafanya kwenye shule isiyo na uwanja wa kueleweka. Chokaa haikuwepo, tukachora mistari ya netiboli kwa majivu ya jikoni: mita 30.5 kwa 15.25, kama sheria inavyotaka. Kwa mbio za mita 100 mara nne za kupokezana vijiti tulipima eneo la kupokezana mita 30, na muda mwingi uliishia hapo, maana kijiti huanguka mkononi, si miguuni. Vipindi vya saa saba mchana niliomba vihamishiwe asubuhi; joto la pwani mnalijua.

Nikipata nafasi, ningependa kuanza na wasichana wanaokwepa kipindi cha michezo, kisha timu ya UMISSETA.

Nimeambatanisha nakala za vyeti, wasifu wenye namba za simu na majina ya wadhamini. Niko tayari kwa usaili wakati wowote.

Wako mtiifu,

Mwanaidi S. Mhina