Somo la Jumanne: ya kufanyia mazoezi na ya kuacha

Mwanangu, nimeisikiliza rekodi yote ya somo lako la udereva uliyonitumia, dakika 52. Sehemu kubwa ni honi na muziki wa haisi, na kuna mahali mwalimu anapokea simu huku wewe ukiwa katikati ya barabara, jambo ambalo mimi ningemkataza. Lakini aliyoyasema yana maana, na nimekuandikia hapa ili Jumapili mjomba wako akikaa kiti cha pembeni ajue akuangalie wapi. Sikufuata mpangilio aliosemea. Nimeanza na zito.

Neno alilolirudia kuliko yote ni klachi. "Klachi dada, klachi!" Ukisikiliza haraka utadhani tatizo lako ni mguu wa kushoto. Mimi nilirudisha nyuma rekodi kila alipopaza sauti, nikasikiliza kilichotangulia. Karibu kila mara kabla ya klachi kuna swali hili: "Umemuona huyo?" Nawe unajibu "nani?" Hapo ndipo shida ilipoanzia. Unaona kitu kikiwa kimeshafika, unashtuka, unakanyaga breki peke yake, gari linatikisika na kuzima. Mguu unalaumiwa kwa kosa la macho. Kwa hiyo Jumapili tunaanza na macho.

MACHO MBELE, VIOO KILA WAKATI

Dakika ya 9 mwalimu anasema: "Usiangalie boneti, boneti haiendi popote." Anataka utazame mbali, kule gari litakakofika baada ya sekunde kadhaa, kisha macho yarudi karibu, yaende kwenye vioo, yarudi mbali tena. Ukiwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo maeneo ya makazi, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Ukichelewa kuona kwa sekunde moja tu, umeshapita urefu wa haisi mbili na zaidi kabla mguu haujagusa breki. Ndiyo maana pia anakusisitiza umwache aliye mbele yako umbali wa sekunde mbili: akipita nguzo, wewe hesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili", na ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umemkaribia mno. Barabara ikilowa, hesabu hadi nne.

Kuhusu vioo, amekuambia mara nyingi na ukamjibu "nimeangalia". Nakuamini. Ila unaangalia baada ya kuwasha indiketa, wakati mwingine ukiwa umeshaanza kukata usukani. Utaratibu wake ni huu: kioo cha kati, kioo cha upande unaokwenda, indiketa, geuza shingo kidogo utazame pale ambapo vioo havionyeshi, ndipo usukani. Kwa mji huu wa Arusha, shingo ya kushoto ndiyo itakayokuokoa. Dakika ya 23, ulipokuwa unaingia kushoto karibu na soko la Kilombero, ile kelele ni ya bodaboda aliyekuwa anapenya kati yako na ukingo. Alikosea, ndiyo, lakini ungemgonga wewe. Kabla hujakata kushoto, sogea mapema ukingoni ili asibaki na nafasi ya kupenya, kisha tazama tena.

Mazoezi: ukiendesha na mjomba, sema kwa sauti unachokiona. "Bajaji imesimama, mlango unaweza kufunguka. Mtoto upande wa kulia. Tuta." Utajisikia mjinga dakika tano za kwanza, halafu utazoea. Ukinyamaza, mjomba atajua macho yamelala.

KIPILEFTI

Mwalimu alitumia muda mrefu hapa, na mimi nitatumia pia, kwa sababu pale Impala ndipo ulipoogopa kuliko mahali pote. Kilichotokea, kwa ninavyosikia: ulisimama kabisa wakati ndani hakuna gari, wa nyuma wakapiga honi, ukaingia kwa ajili ya honi, na haisi ilikuwa imeshafika. Mwalimu akakanyaga breki ya upande wake.

Sheria yenyewe ni fupi. Aliye ndani ya kipilefti ndiye mwenye njia, naye anakujia kutoka kulia. Honi ya nyuma haikupi njia, hata ipigwe na nani. Anataka ufanye hivi: anza kutazama kulia ukiwa bado mbali, punguza mwendo, shuka gia ya pili, na ufikapo kwenye mstari uwe umeshaamua. Nafasi ipo, ingia na ya pili bila kusimama. Hakuna nafasi, simama, weka ya kwanza, subiri ukiwa tayari. Ukishaipita njia iliyo kabla ya yako, washa indiketa ya kushoto na utoke. Hili la mwisho ulilisahau mara zote, na yule anayesubiri kuingia hawezi kujua kama unatoka au unaendelea kuzunguka.

Na hazadi zizime! "Nani kakufundisha hazadi za kwenda moja kwa moja?" anauliza, nawe unacheka. Najua umeona madereva wengi wakifanya hivyo kwenye njia panda. Aliye upande wako anaiona taa moja tu inayowaka na kuzima, anadhani unakata kona kuja kwake. Ukienda moja kwa moja, huwashi chochote. Hazadi ni za gari lililoharibika au lililo hatarini.

MLIMA

Kwenye kupanda Ilboru gari lilirudi nyuma, na mwalimu hakukasirika. Sauti yake ilishuka hata. Kanyaga klachi, weka ya kwanza, hendibreki juu. Ongeza mafuta kidogo, achia klachi polepole mpaka usikie mlio wa injini ukibadilika na pua ya gari ikitaka kuinuka. Hiyo ndiyo balansi. Hapo mguu unaganda. Usiuachie zaidi. Shusha hendibreki, gari halitarudi, kisha ongeza mafuta na umalizie klachi. Wewe ulikuwa unashusha hendibreki kwanza halafu unatafuta balansi kwa haraka, na hapo gari ama linarudi ama linazima.

Kosa la pili la mlimani: foleni ikisimama, usilishikilie gari kwa klachi na mafuta. Kuna harufu uliyoiuliza dakika ya 38, "kuna kitu kinaungua?" Kilikuwa klachi yenu. Foleni ikisimama zaidi ya kidogo, hendibreki, nyutro, pumzisha mguu.

Kwenye kushuka, hapo sikubaliani na mwalimu wako. Amekuambia uweke nyutro "kuokoa mafuta". Ni mazoea ya zamani, na wengi wanayo. Gari lisilo na gia linateremka kwa breki peke yake. Breki zikipata moto sana zinapoteza nguvu, na injini ikizimika kanyagio la breki linakuwa gumu kama jiwe. Tena kwenye magari ya sasa yenye sindano za mafuta za kompyuta, ukiwa kwenye gia na umeondoa mguu kwenye mafuta, injini inakata mafuta yenyewe wakati wa kuteremka. Kwa nyutro inabidi inywe ili isizime. Nitaongea naye mwenyewe kwa heshima, wewe usibishane naye ndani ya gari. Ila Jumapili, kwenye gari la mjomba, tunateremka na gia ya pili au ya tatu, kulingana na mlima.

MAMBO MADOGO, LAKINI AMEYATAJA

Matuta: maliza kufunga breki kabla ya tuta, kisha achia breki ndipo gurudumu lipande. Ukipanda tuta ukiwa bado umekanyaga breki, pua ya gari imeinama na bampa linakwangua. Ile sauti ya dakika ya 17 ndiyo hiyo.

Ukisubiri kukata kulia katikati ya barabara, magurudumu yawe yamenyooka. Ulikuwa umeshageuza usukani wote ukisubiri. Ukigongwa nyuma hapo, unasukumwa usoni mwa lori linalokuja.

Mguu wa kushoto usilale juu ya klachi ukishabadilisha gia. Uweke sakafuni.

Kupaki kwa rivasi hamkufika mbali, mvua ilianza. Amesema tu gari liende polepole kuliko mwendo wa kutembea, na kwamba ukipotea usiendelee kurekebisha ukiwa umekwama. Toka, anza upya. Nakubaliana naye kabisa.

ALIYOYASIFIA

Kwenye zebra ulisimama kila mara bila kuambiwa, hata pale wa nyuma walipokuzomea kwa honi. "Hapo safi," amesema, na mtu huyu hasifii ovyo. Pamoja na heshima kwa waenda kwa miguu, kosa hilo lina faini, na trafiki wanapenda kusimama karibu na zebra. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu pia umekuwa laini, sikusikia gari likiruka hata mara moja. Hayo usiyaguse, yaache yalivyo.

JUMAPILI

Tutatoka asubuhi, saa moja na nusu, kabla watu hawajatoka kanisani. Nimemwambia mjomba tuanze kwenye barabara za ndani za Njiro, wewe ukisema kwa sauti unachokiona, mpaka azoee kusikia "kioo, kioo, indiketa, shingo" bila kukukumbusha. Halafu tutafute mteremko mfupi usio na magari, ufanye mlima mpaka uondoke mara kadhaa mfululizo bila gari kurudi nyuma. Kipilefti cha Impala tutakizunguka mwisho, mara nyingi, hata kama hatuna pa kwenda. Rivasi tuiache kwa somo la Alhamisi na mwalimu, kwa sababu gari la mjomba ni refu kuliko lile la shule na litakuchanganya vipimo.

Mjomba ana tabia ya kushika dashibodi na kuguna. Nimemwomba aseme jambo moja tu kwa wakati mmoja, tena kabla ya kona, si ndani ya kona. Akisahau, simamisha gari pembeni umkumbushe, usimjibu ukiwa unaendesha.

Njoo na leseni yako ya kujifunzia, ile yenyewe, si picha kwenye simu. Vibao vya L ninavyo mimi, vya mbele na vya nyuma. Na uvae viatu vyenye soli nyembamba. Zile raba nene za Jumanne hazikuruhusu kuisikia klachi inaposhika, na mwalimu alilisema hilo mwanzoni kabisa, kabla hata hujawasha gari.