Karibuni kwenye Nadharia ya Ukokotozi

Kaeni, kaeni jamani. Ninyi mliosimama mlangoni, huku mbele viti vipo, na mimi siumi.

Karibuni. Najua wa mwaka wa pili wameshawaambia kwamba somo hili ni hesabu tupu na kompyuta hamtaigusa. La kompyuta ni kweli. Muhula huu ni karatasi, penseli na kifutio, hasa kifutio.

Nani hapa amewahi kujifungia laini kwa kukosea namba ya siri? Eh, mikono yote hiyo! Basi mtambo wetu wa kwanza mnao mfukoni. Kile kikadi cha laini kwa kawaida kinakupa nafasi tatu. Ukikosea, kinahama kutoka "zimebaki tatu" kwenda "zimebaki mbili", halafu "imebaki moja", halafu "imefungwa". Hapo hata ukikumbuka namba sahihi hakikusikii, kinadai PUK. Ukipatia mapema, kinarudi kwenye tatu. Tukiiacha hiyo PUK pembeni, ni hali nne tu.

Sasa angalieni kisichokumbukwa. Kadi haijui uliandika nini ulipokosea, wala kama ulikosea leo au juzi. Inajua iko kwenye hali gani, basi. Na wale mnaozima simu na kuiwasha mkidhani itasahau, poleni: hali imehifadhiwa ndani ya kadi yenyewe.

Mtambo wa namna hiyo ndio otomata. Una hali zenye idadi maalumu, na kanuni inayosema uhamie wapi kila alama inapoingia. Taa ya ngazini, ile yenye swichi chini na juu, ina hali mbili. Ilikuwa imezimwa, watu wa nyumbani wakabonyeza mara 47. Sasa ikoje? Imewaka. Taa haikuhesabu hadi 47. Inachojua ni witiri au shufwa.

Ila mtambo huu una mwisho wake. Uulize kama kila bano lililofunguliwa limefungwa, utakwama. Uupe hali milioni moja, mimi nitafungua mabano milioni moja na moja. Hapo itabidi tuupe kumbukumbu, na mwisho wa muhula tutafika kwa Alan Turing, ambaye mwaka 1936, kompyuta za kielektroniki hazijakuwepo, alionyesha kuwa yapo maswali ambayo hakuna mashine itakayoweza kuyajibu yote. Mimi mwenyewe nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilibisha wiki nzima.

Kazi ya Alhamisi: mnajua tokeni ya LUKU, zile tarakimu 20. Sitaki kujua kama umeme utaingia. Nichoreeni mtambo unaopokea tarakimu moja moja na kukubali zikiwa 20 kamili, si 19, si 21. Atakayeleta hali 20, tutazihesabu pamoja hapa ubaoni.