Stoo baridi ya Dunga: nani alifanya nini

Wasee, habari za asubuhi,

Stoo imekaa wiki yote bila kuzima, hata ile siku stima ilipotea mtaa mzima wa Kisumu, na kabla kila mtu arukie kazi ingine nataka niwataje kwa majina juu hii "asanteni wote" huwa haimfikii mtu.

Achieng, ulikaa na akina mama wa samaki pale bichi mpaka wakakuambia ukweli, kwamba mlango tuliochora ni mwembamba na mtu hawezi pita na beseni la mbuta kichwani. Tukaupanua kabla fundi hajakata mabati, na hapo uliokoa pesa mingi.

Wafula, zile betri ulizikataa. Saplaya akapiga simu, akalalamika, akaja hadi na bosi wake, na wewe ukasimama tu na mita yako ukawaonyesha volteji inavyoanguka mzigo ukiwekwa, ukawapa wabebe zote warudi nazo. Mkaidi kweli wewe! Ndio maana barafu iko.

Kiprono, mkaguzi alimaliza kabla chai ipoe, risiti zote ziko, hadi za boda.

Na Mzee Odhiambo wa geti alisikia kompresa ikinguruma vibaya usiku akatuamsha. Yeye hana imeli, Achieng tafadhali msomee hii.

Ijumaa saa saba tukutane Dunga, ngege na ugali ni juu yangu. Kiprono usiniitishe risiti.

Nekesa