Mkono wa Mkunga

Basi la kutoka Tanga lilifika Likoni karibu saa tano. Abiria wakashuka wavuke kwa miguu, na Zuhura akaingia ferini, mkoba begani, pesa za mtaji zimefungwa kiunoni ndani ya leso. Alikuja kununua mzigo Mtaa wa Biashara, kwa wauzaji wa jumla, apeleke Tanga kabla ya msimu wa harusi. Kwanza alitaka gesti ya kuweka mkoba, akaelekezwa Kibokoni.

Vichochoro vya Mji wa Kale vilimchanganya mara moja. Alikuwa amesimama kwenye njia panda, akitafuta upande wenye kivuli, aliposikia mtu akipiga kelele.

"Bi Mkunga! Wallahi ni Bi Mkunga!"

Alikuwa muuza madafu. Aliacha panga juu ya mkokoteni, akaja akijipangusa mikono kwenye kikoi. Zuhura akageuka nyuma kuangalia anayeitwa. Hakukuwa na mtu.

"Shikamoo mama. Siku nyingi! Lamu wamekuficha?"

"Marahaba, mwanangu. Lakini umenifananisha."

Kijana akacheka mpaka akashika magoti. "Bado hujaacha mizaha yako!"

Dirisha la ghorofani likafunguliwa. Mwanamke akachungulia, akapiga kigelegele, akatoweka, na muda si muda akawa chini, bado anajifunga buibui. Akamkumbatia Zuhura kwa nguvu za mtu aliyengoja miaka. Watoto wakakusanyika. Mama mwingine akasukuma mbele kijana mrefu aliyeanza kuota ndevu: "Huyu ndiye yule wa usiku wa mvua. Uliyempiga matako mara tatu ndipo akalia. Mpe mkono, Hamisi, mkono huu ndio uliokupokea duniani." Hamisi akainama, akaubusu.

Zuhura alisema tena na tena kuwa siye. Alisema kwa upole, kisha kwa sauti. Lakini mwanya ulikuwa ule ule, na chunjua la shavuni pale pale, na inaonekana huyo mkunga alikuwa mtu wa kuficha ukweli kwa utani, kwa hiyo kila alipokana walizidi kusadiki. Ni uzito wa ajabu, kushukuriwa kwa wema ambao hukuutenda. Aliona haya kama aliyevaa nguo ya kuazima, na bado, katikati ya haya hizo, moyo wake ulikuwa umefurahi. Tangu afiwe na mdogo wake hakuna aliyemkumbatia vile.

Wakamvuta mpaka kwenye nyumba yenye baraza pana. Ndani, ajuza mmoja alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Alipoinua uso, kifuu kilimtoka mkononi.

"Ewe mwanangu. Mungu amekuleta siku yake."

"Shikamoo bibi. Naomba unisikilize, mimi si..."

"Marahaba, marahaba. Ketini, mpeni maji ya ukwaju. Huyu mjukuu wangu Mwanaisha, mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane. Ana hofu, halali. Leo nilikuwa nataka kumpeleka kliniki, lakini sasa umekuja wewe, ya nini kuhangaika na jua hili? Mguse tu."

Msichana alikuwa amelala kwenye mkeka pembeni, ubavu wa kushoto, kitambaa kilicholowa maji kimefunika macho. Zuhura akachutama karibu naye, si kwa kuwa alikubali kuwa mkunga, bali kwa sababu ya miguu. Viatu vya Mwanaisha vilikuwa vimekatwa nyuma kwa kisu ili viingie. Zuhura akaweka kidole gumba juu kidogo ya kifundo, akabonyeza, akaondoa. Shimo likabaki. Alilitazama, likabaki vile vile.

"Kichwa kinauma?"

"Tangu juzi," Mwanaisha akasema bila kutoa kitambaa. "Hapa mbele. Na mwangaza waniumiza."

"Macho?"

"Naona kama vinyota vinarukaruka. Na hapa, chini ya mbavu, pananikaba."

Bibi akasema ni joto. Mama wa ghorofani akasema mimba ya kwanza ndivyo ilivyo, mtoto wa kike huvimbisha. Wote wakamgeukia Zuhura aseme neno la kuwatuliza.

Zuhura akafungua mkoba. Akatoa pasi yake ya kusafiria, akaiweka mkekani mbele ya Hamisi.

"Soma. Soma kwa sauti wasikie."

Hamisi akasoma jina, akasoma Tanga, akasoma mwaka wa kuzaliwa. Akaitazama picha, akamtazama yeye. Akairudisha taratibu, na ile furaha yote ikamtoka usoni.

"Si mimi," Zuhura akasema. "Mimi nauza kanga. Sijamzalisha mtu hata mmoja. Mkiniacha nimshike tumbo huyu mtoto mkaridhika, nitakuwa nimewadhulumu. Lakini nisikilizeni kwa hili moja. Mdogo wangu alianza hivi hivi. Miguu, uso, kichwa, vinyota. Tukampa dawa ya maumivu, tukamwambia alale, kesho atakwenda kliniki. Usiku akaanza kutetemeka mwili mzima. Tulimfikisha hospitali hajitambui." Akameza mate. "Hii si joto. Ni presha ya mimba. Haingoji kesho."

Hakuna aliyejibu. Bibi alikuwa akimkodolea macho kama anayetafuta sura ya mtu mwingine ndani ya sura ile, asiione. Kisha akashika ukuta, akasimama.

"Hamisi! Tuktuk!"

Mambo yakaenda mbio. Tuktuk haikuweza kuingia kichochoroni, wakamtoa Mwanaisha wakiwa wamemshika huku na huku mpaka barabarani. Muuza madafu akasukuma mkokoteni wake kando wapite. Bibi akapanda, Zuhura akapanda, kadi ya kliniki mkononi, na hakuna aliyeuliza kwa nini na yeye anakwenda.

Hospitali Kuu ya Pwani walipokewa upesi kuliko alivyotarajia. Muuguzi alifunga kile kitambaa cha kipimo kwenye mkono wa Mwanaisha, akasoma, akafunga tena kuhakikisha. Mia na sabini kwa mia na kumi na mbili. Akaita mwenzake. Mkojo ukapimwa, ukakutwa na protini. Wakamwekea dripu, wakaeleza kwa haraka kuwa wanampa dawa ya kuzuia kifafa cha mimba na nyingine ya kushusha presha, na kwamba huenda daktari akaamua mtoto atolewe usiku uo huo.

"Nani alisema mumlete?" muuguzi akauliza huku akiandika.

Bibi akanyoosha kidole.

"Amefanya la maana. Wewe ni nani wake?"

Zuhura akafungua kinywa, akakosa la kusema. Bibi akamshika kiwiko. Tangu wakutane hakuwa amemuuliza.

"Mwanangu, waitwa nani?"

"Zuhura, bibi."

"Andika Zuhura," akamwambia muuguzi. "Andika na namba yake ya simu, mimi simu yangu haisikiki vizuri. Akitaka mtu wa kuingia ndani, aingie yeye."

Hamisi alikuwa mlangoni, amekuja na mkoba wa Zuhura uliosahaulika mkekani. Bibi akamwambia aurudishe nyumbani, auweke chumba cha juu, na apite kwa muuza leso wanayemjua, amwambie asifunge mapema kesho, kuna mgeni wao wa Tanga atakuja kuchukua mzigo.