Ripoti: wagonjwa wanaokosa kliniki ya presha na sukari, Lamu

Tatizo: wiki 4 tuliwapa tarehe watu 120, wakakosa 42 (asilimia 35). Tulidhani wanasahau, kumbe wengi wa Matondoni na Kipungani, maji yakipwa boti haitoki, wakifika saa nane tushafunga.

Tulichojaribu: tarehe tunapanga na mgonjwa mwenyewe tukiangalia maji, halafu siku moja kabla tunapiga simu, maana esemesi wazee hawasomi.

Tulipima waliokosa, simu zilizopokelewa na muda wa foleni.

Matokeo: wiki 4 zilizofuata wamekosa 19 kati ya 118 (asilimia 16). Simu 23 hazikupatikana, nyingi laini za wajukuu. Foleni ndo imeharibika, dakika 40 imekuwa saa nzima, boti ikifunga gatini wanaingia wote pamoja. Wiki ijayo tunaongeza nesi mmoja saa hiyo.