Maelezo kuhusu diski ya hesabu za duka na utaratibu mpya wa kuweka nakala

Mama, shikamoo.

Kompyuta iko tayari na hesabu zako zipo, isipokuwa za tarehe 1 hadi 11 za mwezi huu. Mauzo, manunuzi na madeni yote ya mpaka mwisho wa mwezi uliopita yanafunguka, nimeyapitia ukurasa kwa ukurasa. Hizo siku 11 itabidi ziingizwe upya kutoka kwenye kitabu cha risiti, kwa hiyo kitabu hicho kisitoke dukani kwa sasa.

Jambo la pili nataka ulijue kabla ya mengine yote: kijana wako wa mauzo hana kosa. Uliniambia aliizima kompyuta Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi diski ikagoma, kwa hiyo ikaonekana yeye ndiye aliyeiharibu. Diski ilikuwa imeanza kufa zamani. Diski huandika yenyewe kumbukumbu ya matatizo yake, na kosa la kwanza la kusoma liliandikwa ilipokuwa imefanya kazi saa 40,700. Nilipoipokea ilikuwa na saa 41,260. Kompyuta yako huachwa inawaka usiku na mchana, kwa hiyo hizo ni zaidi ya wiki tatu kabla ya Alhamisi hiyo. Windows nayo ilikuwa inalalamika kimyakimya kwenye daftari lake la matukio kwa maneno haya, tena na tena:

```
The device, \Device\Harddisk1\DR1, has a bad block.
```

Maana yake ni kwamba kuna kipande cha diski kisichosomeka. Ujumbe huu hautokei mbele ya mtumiaji, lazima mtu aende kuutafuta. Dalili pekee mliyoweza kuiona nyinyi ni ile uliyonitajia kwa kupita tu, kwamba programu ya hesabu ilikuwa inachukua muda mrefu kufunguka asubuhi. Ilikuwa inachelewa kwa sababu diski ikikuta sehemu mbovu hairuki hapo hapo, inajaribu kuisoma mara nyingi kabla ya kukata tamaa.

Sasa kwa nini imekufa. Diski hii ni ya aina ya zamani, yenye sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu ya kila sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea karibu mno na uso wake bila kuugusa. Kichwa kikigusa sahani, hata kidogo, kinakwangua, na yale makwaruzo yanatoa vumbi linalokwenda kukwangua kwingine. Ile sauti ya "tik, tik, tik" uliyoisikia Ijumaa ni kichwa kikijaribu kutafuta njia yake na kurudi mwanzo kila mara.

Mambo matatu yaliichosha. La kwanza ni umri: saa 41,260 ni kama miaka minne na miezi minane bila kupumzika. La pili ni joto. Kompyuta ilikuwa chini ya kaunta, mgongo umebanwa ukutani, na nilipoifungua feni ilikuwa imevaa vumbi zito kama blanketi. La tatu ni umeme kukatika ghafla diski ikiwa katikati ya kuandika. Diski yenyewe inajua kuvuta kichwa pembeni umeme ukikatika, lakini kufanya hivyo kwa dharura kunaila zaidi kuliko kuzimwa taratibu, na faili lililokuwa linaandikwa linaweza kubaki nusu. Kuizima kwa utaratibu, kama alivyofanya kijana, ndiko kunakotakiwa.

Ulifanya jambo moja lililookoa karibu kila kitu, nalo nakupongeza kwa dhati. Windows ilipoandika `You need to format the disk in drive D: before you can use it.` ulibonyeza `Cancel`, ukaizima kompyuta na kunipigia. Ujumbe ule unaomba ruhusa ya kuifuta diski. Wengi hukubali wakidhani ndiyo matengenezo. Ukiuona tena siku yoyote, fanya vilevile, na usiruhusu mtu kuendesha `chkdsk` kwenye diski inayotoa sauti. Programu hiyo inarekebisha mpangilio wa mafaili, haitibu chuma kilichochoka, na kazi nzito inayoipa diski inaweza kuwa ndiyo ya mwisho.

Mimi niliinakili diski nzima kwenda diski nyingine kwa programu ya ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu nzima na kuziacha mbovu kwa baadaye. Karibu yote ilisomeka. Bahati mbaya, sehemu chache zilizokataa zilikuwa ndani ya faili la hesabu lenyewe, kwenye mauzo, na faili hilo halikufunguka tena. Nilichokurudishia ni nakala ya mwisho wa mwezi, ile iliyokuwa kwenye folda yako ya `Nakala`.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize sana. Folda ile ilikuwa kwenye diski ileile ya D. Kila mwisho wa mwezi mlikuwa mnabonyeza kitufe cha kuhifadhi nakala, programu inasema imehifadhi, na ilikuwa kweli imehifadhi, ila kwenye diski ileile iliyobeba hesabu zenyewe. Ingekufa moja kwa moja, hesabu na nakala vingekwenda pamoja. Makwaruzo yangetokea sehemu nyingine kidogo, leo ningekuwa nakuandikia kwamba hakuna kitu. Nakala iliyolala na asili yake kwenye diski moja isihesabiwe kuwa nakala.

Nimeweka diski mpya ya SSD mahali pa ile iliyokufa. Haina sahani wala kichwa, haijali mtikisiko, na programu itafunguka haraka. Lakini haifi kwa kelele. Mara nyingi SSD ikiharibika inanyamaza siku moja na haionekani tena kabisa, bila ya zile wiki tatu za dalili. Kwa hiyo usije ukadhani kwamba kifaa kipya kimeondoa haja ya nakala.

Utaratibu ni huu. Kwenye bahasha hii kuna diski mbili za nje, nimeziandika A na B kwa kalamu ya wino mzito. Wiki hii A inakaa dukani, B inakaa nyumbani kwako. Kila Jumamosi B inakuja dukani kabla ya kufunga, na mkishamaliza nakala ya siku, A inakwenda nyumbani na B inabaki dukani; wiki inayofuata zinabadilishana tena. Zisikae mbili jengo moja usiku, hata usiku mmoja: moto, maji na wizi havichagui diski.

Kila jioni kabla ya kuzima, funga kwanza programu ya hesabu kabisa. Chomeka diski iliyopo, andika nywila yake, kisha bonyeza mara mbili alama niliyoiweka kwenye skrini iitwayo "Nakala ya Leo". Ndani yake kuna maagizo haya. Huna haja ya kuyagusa, nayaandika ili fundi mwingine yeyote aelewe nilichofanya:

```
@echo off
for /f %%t in ('powershell -NoProfile -Command Get-Date -Format yyyy-MM-dd') do set LEO=%%t
robocopy D:\Hesabu E:\Nakala\%LEO% /E /R:2 /W:5
if errorlevel 8 goto kosa
echo NAKALA IMEKAMILIKA
pause
exit /b
:kosa
echo KUNA KOSA - PIGA SIMU
pause
```

Subiri mpaka usome NAKALA IMEKAMILIKA. Ukiona KUNA KOSA, sababu ya kawaida ni programu ya hesabu kuachwa wazi au diski kutochomekwa vizuri. Rudia mara moja, ikikataa tena nipigie jioni hiyohiyo, usingoje kesho.

Kila siku inapata folda yake yenye tarehe, kwa makusudi. Faili likiharibika Jumanne na msigundue mpaka Ijumaa, nakala moja inayofutiwa juu kila siku ingekuwa imeshabeba uharibifu huo. Kwa sababu hiyohiyo sikutumia agizo la `/MIR`, ambalo hufuta kwenye nakala chochote kilichofutwa kwenye asili. Folda ya hesabu ina ukubwa wa MB 640 na kila diski ina TB 1, kwa hiyo zaidi ya nakala 1,000 zinaingia kwenye kila moja. Hamna haja ya kufuta chochote kwa miaka kadhaa.

Ikishakamilika, bonyeza alama ya kutoa diski kwa usalama, kisha ichomoe na uiweke kwenye droo yenye kufuli. Tafadhali isiachwe imechomekwa. Kirusi cha aina ile kinachofunga mafaili na kudai fedha hufunga kila diski kinayoikuta imeunganishwa, na umeme ukileta hitilafu unaipita kompyuta na kufika kwenye diski pia.

Diski zote mbili nimezifunga kwa BitLocker, maana ndani kuna majina ya wateja na madeni yao, na moja inasafiri kwenye mkoba kila wiki. Nywila utaiweka wewe mwenyewe nitakapokuja. Kuna pia namba ya kufungulia ya tarakimu 48, iko kwenye karatasi ndani ya bahasha ndogo. Iweke nyumbani pamoja na hati zako muhimu, kamwe isiwe ndani ya mkoba mmoja na diski. Nywila ikisahaulika na karatasi ikapotea, hata mimi siwezi kuzifungua.

Kijana afundishwe kazi hii pamoja nawe, na kila jioni anayeifanya aandike kwenye daftari tarehe, herufi ya diski na jina lake. Ukisafiri, daftari ndilo litakalokuambia kama kazi ilifanyika.

Mara moja kwa mwezi mjaribu nakala yenyewe. Chukua diski kwenye ile kompyuta ndogo ya nyumbani, nilikoweka programu ya hesabu, nakili folda ya jana, ifungue, na ulinganishe jumla ya mauzo ya siku hiyo na kitabu cha risiti. Inachukua dakika 15. Nimeona nakala nyingi zilizotengenezwa kwa uaminifu na hazikufunguka siku zilipohitajika, kwa hiyo hatua hii naomba isirukwe hata mwezi wa shughuli nyingi.

Kompyuta sasa itakaa juu ya meza, mgongo mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na ichomekwe kwenye kile kifaa cha betri kilichoandikwa UPS. Umeme ukikatika kinawapa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, si za kuendelea kuuza. Usiku izimwe.

Diski iliyokufa nimeifunga kwenye mfuko ndani ya bahasha. Itunze mpaka siku 11 zote ziwe zimeingizwa na umeridhika na jumla. Baada ya hapo nitaivunja sahani zake mbele yako, isiende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa na madeni ya watu.

Anzeni kuingiza madeni kabla ya mauzo, kwani mteja atakayekuja kulipa kesho ni lazima akutwe kwenye orodha. Nitafika Jumamosi jioni mnapofunga, tufanye badilishano la kwanza la A na B pamoja.

Fundi wako wa kompyuta